Singer 66K au Butterfly JA2-1: vyerehani viwili ninavyouza, na kila kasoro inayoonekana pichani

Ninauza vyerehani viwili vya kukanyaga, na karibu kila anayenipigia huuliza swali moja: nichukue kipi? Nimeona niviweke ubavu kwa ubavu, kasoro kwa kasoro, ili mtu aamue kabla hajafunga safari ya kuja Tanga. Kimoja ni Singer 66K ya Uskoti, bei shilingi 170,000. Kingine ni Butterfly JA2-1 ya Shanghai, bei shilingi 230,000. Vyote vinashona, vyote vina meza na miguu yake ya chuma, na hakuna kilicho kipya.

Wengi wakiona bei wanadhani nimechanganya. Singer iwe rahisi kuliko Butterfly? Sijachanganya. Sababu kubwa ni kidude kidogo kiitwacho bobini, kinachobeba uzi wa chini, na ukishaielewa hiyo utakuwa umeelewa nusu ya ulinganisho huu.

Nilivyoitambua Singer

Singer hii nililetewa kwanza kama picha kwenye simu, na familia iliyotaka kuiuza. Hawakujua ni aina gani. Walijua tu kwamba ilikuwa ya bibi yao na kwamba ina jina la Singer kwa maandishi ya dhahabu. Jina hilo peke yake halikuambii kitu, kwa sababu Singer walitengeneza aina nyingi mno, na mbili zinazofanana kwa mbali zinaweza kutumia spea tofauti kabisa. Picha ilikuwa nzuri, imepigwa mbele kwa mwanga wa mchana, na sehemu tatu zilitosha.

Ya kwanza ni kikaza uzi, yaani kile kibonye chenye visahani viwili ambavyo uzi wa juu hupita katikati yake. Kwenye Singer hii kiko mbele, kinakutazama wewe uliyekaa unashona. Kingekuwa upande wa kushoto kabisa, kwenye bamba la mwisho wa kichwa, ningesema ni ya familia ya Singer 15. Kwa hiyo 15 nikaiondoa papo hapo.

Ya pili ni kifuniko cha bobini. Kwenye picha kuna bamba linaloteleza mbele ya sindano, upande wa mshonaji. Maana yake bobini imelala kifudifudi chini ya bamba hilo, nawe unaiweka kutoka juu. Singer 201 nayo bobini yake hulala na kikaza uzi chake kiko mbele, ndiyo maana watu huzichanganya, lakini bamba la 201 hufunguka kushoto kwa sindano. Hili linafunguka mbele. Zilizobaki ni 66 na mdogo wake, 99.

Ya tatu ni ukubwa. 66 na 99 zinafanana sana sura, ila 99 ni fupi. Niliwaomba waweke rula kando ya kitako wapige tena: ikasoma sentimita 37 kwa takriban 18. Hicho ni kitako cha cherehani kikubwa. Cha 99 kina urefu wa sentimita 31 hivi.

Baada ya hapo ndipo nikaomba picha ya namba. Kwenye Singer za miaka hiyo namba imegongwa kwenye chuma cha kitako upande wa kulia, chini ya nguzo. Hii inaanza na herufi Y, ikifuatiwa na tarakimu saba. Namba za Y zilitoka kiwanda cha Singer cha Kilbowie, mjini Clydebank karibu na Glasgow, kati ya 1921 na 1935. Herufi K katika 66K ndiyo hiyo Kilbowie. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1980, kwa hiyo anayekuuzia Singer ya Clydebank kama mali ya juzi, muulize vizuri.

Butterfly, na kwa nini kibao chake hakinitoshi

Butterfly ina kibao kidogo kwenye nguzo kinachosema JA2-1. Hata hivyo kichwa hiki kimepigwa rangi upya na mwenye nacho wa kwanza, na hilo nataka ulione mwenyewe: kwenye picha ya tano rangi nyeusi imeingia ndani ya mifereji ya skrubu na imejaa kwenye namba iliyogongwa kitakoni. Rangi ya kiwandani haikai hivyo, kwa sababu skrubu hufungwa baada ya kichwa kupakwa rangi. Picha ya kipepeo iliyokuwa kwenye mkono wa kichwa imefunikwa.

Kichwa kikishapigwa rangi upya, kibao kinaweza kuwa kimetoka kwingine, basi nikakitambua kwa umbo kama nilivyofanya kwa Singer. Kikaza uzi kiko kushoto, kwenye bamba la mwisho. Bobini imesimama wima chini ya sindano, ndani ya kikasha cha chuma kinachoingizwa kwa kutokea kushoto. Kulia kuna mkono wa kurefusha na kufupisha mshono, na ukiupandisha juu mshono unarudi nyuma. Huo ndio mpangilio wa Singer 15, ambao viwanda vya China viliufuata. Hata kama kibao kingekuwa cha kuazima, kwa upande wa spea jibu ni lilelile: inatumia vitu vya familia ya 15.

Bobini ndiyo inayopanga bei

Bobini ya 15 na bobini ya 66 ukizishika mkononi zinafanana kama mtu na pacha wake. Upana karibu sawa, kimo karibu sawa. Tofauti ni kwamba ya 15 ina nyuso bapa, na ya 66 nyuso zake zimetuna kidogo kwa nje. Weka kila moja juu ya kioo uibonyeze ukingoni kwa kidole: bapa inatulia, iliyotuna inayumba.

Madukani kwetu ukisema "nipe bobini" unapewa ya 15, kwa sababu ndiyo inayoingia kwenye Butterfly na ndugu zake. Ukiilazimisha kwenye 66 itaingia, na hapo ndipo mateso yanapoanzia. Inasugua kwenye nyumba yake, uzi wa chini unatoka kwa mikupuo, mshono unakaza na kulegea, halafu uzi unakatika. Fundi anageuza kikaza uzi cha juu siku nzima wakati ugonjwa uko chini. Singer nyingi za 66 zimetupwa stoo kwa kuitwa mbovu, na kumbe zilipewa bobini isiyo yao.

Hii ninayouza nayo nilipoipokea ilikuwa na bobini mbili ndani ya droo: moja yake halisi, nyingine ya 15. Ya 15 nimeitoa. Nimeagiza bobini za 66 kutoka nje, na utapewa nne pamoja na ile ya zamani. Zinapatikana kwa kuagiza, kwa sababu bado zinatengenezwa, lakini hutazikuta duka la pembeni saa kumi jioni wakati sare za shule zinangojwa. Hiyo ndiyo tofauti ya bei kati ya vyerehani hivi viwili. Haitokani na ubora wa chuma.

Sindano, kwa bahati nzuri, ni ileile kwa vyote viwili: ya kawaida ya cherehani cha nyumbani, inayoandikwa HAx1 au 15x1 kwenye pakiti.

Kwa ufupi, kwa anayesoma akiwa njiani

| | Singer 66K | Butterfly JA2-1 |
|---|---|---|
| Bobini | Imelala, aina ya 66, ya kuagiza | Imesimama, aina ya 15, ipo kila mahali |
| Kurudisha mshono | Hakuna | Ipo |
| Mota ya pembeni | Hakuna pa kuifunga | Pa kuifunga papo |
| Rangi | Ya kiwandani, imechakaa | Imepigwa upya |
| Meza | Mbao imefura kona moja | Nzima, ina mikwaruzo |
| Bei | 170,000 | 230,000 |

Hali ya Singer

Picha zote nimepiga karibu na dirisha bila taa ya simu, na kichwa nimekifuta kwa kitambaa kikavu. Sikukipaka mafuta kabla ya picha, kwa kuwa mafuta hung'arisha rangi na kuficha mikwaruzo.

Utaona maua ya dhahabu yamefutika kabisa mbele ya kitako, pale mkono wa mshonaji unapoburuta kitambaa, na bado yako wazi kwenye mkono wa juu. Mchakao wa namna hiyo ni wa kazi. Ungekuta maua yamebanduka kote na rangi imepasuka vipande vipande, ungefikiria unyevu au jua. Bamba la kushoto lina vidoa vya kutu kama punje za mtama. Nimevisugua, vimepungua, havijaisha. Bamba linaloteleza juu ya bobini lipo, na hilo ni jambo la kufurahia kwa sababu ndilo hupotea kwanza, ila kona yake moja imepinda na linaingia kwa kusukuma.

Tundu la bamba ambamo sindano hupita nimelipiga picha kwa karibu. Kuna alama mbili za sindano iliyowahi kupiga chuma. Alama kama hizo huwa na ncha kali zinazokwaruza uzi. Hizi nimezilainisha kwa msasa laini sana, na nikipitisha uzi wa hariri ndani ya tundu haunasi. Meno yanayosukuma kitambaa bado makali. Unaweza kuyapima hata kwa picha: meno mazima hukaa meusi yenye ncha, meno yaliyolika humeta juu kwa sababu mwanga unapiga sehemu iliyokuwa bapa. Ya Singer hii hayameti.

Ilipofika ilikuwa nzito kuzungusha. Walikuwa wakiipaka mafuta ya kupikia, nayo yakikaa muda hugeuka gundi ya rangi ya asali. Nimeiosha kwa mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta, nikaifuta, kisha nikaipaka mafuta ya cherehani, kwa sababu mafuta ya taa yakiachwa peke yake hukausha chuma. Sasa gurudumu linazunguka kwa kidole kimoja. Mpira mdogo wa kujazia bobini umepasuka. Unafanya kazi lakini hautadumu. Mkanda wa ngozi ni mpya.

Meza ndiyo sehemu mbaya zaidi. Kona ya nyuma kushoto ililowa, mbao imefura na kubanduka kiasi cha vidole vitatu. Haigusi kitambaa unaposhona, ila haipendezi, na seremala akiitengeneza itaonekana imetengenezwa.

Hali ya Butterfly

Kwa macho, hii ndiyo inayovutia. Rangi inang'aa, meza imekaa sawa, kikanyagio hakipigi kelele. Kasoro zake ziko mahali ambapo picha ya mbele haifiki.

Kubwa ni ncha ya kile kipande kinachozunguka na kunasa uzi wa juu. Picha ya tisa inaonyesha ncha yake kwa karibu: ina pengo dogo kama jino lililomeguka. Ncha ikiwa hivyo, mara nyingine inaukosa uzi, na mshono unaruka. Kwenye cherehani cha mpangilio huu kipande hicho hutoka bila bisibisi: unafungua vikono viwili, unatoa pete, kinakuja mkononi, na kipya kinauzwa dukani. Sijakibadilisha kwa sababu mnunuzi mwingine anapenda kuchagua mwenyewe. Asiyetaka usumbufu huo aniambie, nitakibadilisha na kumwongezea gharama ya kipande tu. Kwenye Singer kipande cha namna hiyo kingehitaji bisibisi, uvumilivu na kuagizwa kutoka nje, na ndiyo maana nimekipiga picha pia: cha Singer ni kizima.

Ya pili ni mkono wa kupima mshono. Umelegea kidogo, kwa hiyo mshono wa kurudi nyuma unatoka mfupi kuliko wa kwenda mbele. Kwa kufunga mwanzo na mwisho wa mshono haidhuru. Kwa urembo wa mshono wa juu utaiona. Chuma kinachoshika sindano nacho kina mchezo mdogo sana ukikisukuma kushoto na kulia kwa kidole; cha Singer, pamoja na umri wake wote, hakichezi.

Meno yake yanameta kidogo kwenye ncha. Yanavuta vizuri vitenge na sare, lakini kwenye turubai utalazimika kusaidia kwa mkono.

Vilivyoshona

Nimeshona vipande vilevile kwa vyote viwili, uzi uleule, sindano mpya namba 90, na nimepiga picha upande wa juu na wa chini, kwa sababu upande wa juu peke yake hudanganya. Uzi wa juu ukiwa umelegea, juu panaweza kuonekana pamenyooka huku chini pamejaa vitanzi.

Kitambaa cha marekani mapande mawili: vyote vimeshona safi, na mshono wa Singer umenyooka zaidi. Khanga moja peke yake: Singer haikukunja kitambaa, Butterfly ilikikunja kidogo mpaka nilipolegeza kikaza uzi. Jinzi mapande manne: vyote vimepita. Kisha nikapeleka pindo la suruali pale mishono inapokutana, ambapo kitambaa kinakuwa kinene ghafla. Singer ilipanda polepole ikapita. Butterfly iliruka mishono mitatu mfululizo. Nikaweka sindano namba 100, ikapita bila kuruka, kwa kuwa sindano nene haipindi na inaacha kitanzi kikubwa ambacho hata ncha iliyomeguka inakinasa. Hiyo inakuonyesha kwamba mfumo mzima uko sawa na tatizo ni ile ncha, lakini pia inakuonyesha kwamba tatizo lipo.

Nani achukue kipi

Mwenye kibanda cha ushonaji, anayeshona sare, vitenge vya wateja na kurekebisha suruali, namshauri Butterfly, na sisemi hivyo kwa sababu ni ya bei kubwa. Sare moja ina mishono mingi ya kufungwa mwanzo na mwisho. Bila kurudisha mshono, kila mara unageuza kitambaa au unaacha nyuzi ndefu na kuzifunga kwa mkono, na siku ya kazi inakwisha kabla kazi haijaisha. Ukipoteza bobini unanunua nyingine bila kusimamisha kazi. Umeme ukifika kibandani, unafunga mota kwenye lile tundu la nyuma ya nguzo. Badilisha ile ncha wiki ya kwanza, usingoje.

Anayeshonea nyumbani, au fundi wa mapazia na mashuka ambaye kazi yake ni mishono mirefu iliyonyooka, au mwanafunzi anayejifunza mkono wake, achukue Singer. Mshono wake ni mzuri kuliko wa Butterfly, nayasema haya nikiwa muuzaji wa vyote viwili. Ila ahifadhi zile bobini tano mahali pamoja na asikubali mtu yeyote "amsaidie" kwa kumwekea nyingine.

Anayetaka zigizagi, vifungo au kudarizi asichukue chochote hapa. Vyote ni vya mshono mmoja ulionyooka.

Wapo pia wanaonipigia kuhusu Singer wakiuliza kama ina zebaki nyekundu. Uvumi huo ulivuma sana Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakanunua Singer kuukuu kwa bei za kutisha na kuzijaribu kwa simu za mkononi. Ndani ya cherehani hiki kuna chuma, mafuta na uzi. Hakuna zebaki ya rangi yoyote, na ninaomba mwenye shida hiyo asilipe hata nauli ya kuja.

Kuja kuangalia

Njoo na kitambaa unachokishona kila siku, uzi wako na sindano mpya. Kaa, kanyaga, shona mwenyewe. Usitosheke na mimi kukuonyesha. Geuza kitambaa uangalie chini. Shika gurudumu ulivute na kulisukuma, kisha gusa chuma cha sindano. Ukipata kasoro ambayo sikuiandika hapa, nionyeshe, tutaipunguza kwenye bei.

Singer inaondoka na bobini tano, mkanda mpya na chupa ya mafuta. Butterfly inaondoka na bobini sita, kikasha chake na sindano za namba 90 na 100. Usafiri wa meza na miguu ni juu ya mnunuzi. Kichwa nitakifungua na kukifunga kwenye boksi peke yake, kwa sababu kikisafiri juu ya meza bawaba hukatika. Bei ya Butterfly inapungua kidogo kwa anayelipa siku hiyohiyo. Ya Singer haipungui, isipokuwa kwa kasoro ambayo sikuiandika.